Safu Niliyoifuta

Kabati la jikoni la shangazi yangu halina milango, na kwenye rafu yake ya kati kopo la samli na chupa ya asali vinasimama vimegusana. Ndiko nilikoyatoa yale maneno mawili. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nyumbani kwake Tibirinzi, nikimkunia nazi na kutafuta mfano wa somo. Nilishakataa mifano mingi. Mmoja niliuona wa kitoto, mwingine mgumu, na mwingine nilihofia wanafunzi wangeucheka. Nilipoinua macho nikaona samli na asali, nikasema moyoni, haya, hayo hayo.

Chuo kimoja cha ufundi hapa Chake, Pemba, kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kompyuta. Nafasi ilikuwa moja, nasi tulioitwa tulikuwa wawili. Kila mmoja angefundisha somo moja mbele ya wanafunzi, huku wakaguzi wamekaa nyuma, kisha tungesubiri simu. Tangu nimalize chuo kikuu Dar es Salaam nilikuwa nimerudi kisiwani na kukaa tu. Kwetu Wingwi mama alishawaambia majirani kwamba mwanawe anakuwa mwalimu wa chuo, kama vile barua imeshatoka. Kila nikienda kumtazama kuna mtu njiani ananiita "Mwalimu," nami naitika, kwa sababu kukana kungehitaji maelezo. Nikiikosa nafasi ile, wote wale wangejua.

Somo nililochagua lilikuwa umbali wa uhariri. Ni idadi ndogo kabisa ya mabadiliko yanayoligeuza neno moja kuwa jingine, na mabadiliko yanayoruhusiwa ni ya aina tatu: kuongeza herufi, kuondoa herufi, au kubadilisha herufi moja ikawa nyingine. Ukikosea neno kwenye simu nayo ikakupendekezea lililo sahihi, mara nyingi hesabu ya namna hii imefanyika ndani yake. Nilimweleza shangazi hivyo, nikamwonyesha kabati.

"Kutoka samli mpaka asali ni umbali gani?" nikamuuliza.

"Kunyoosha mkono," akasema. "Na huo mkono unyooshe sasa hivi unipe hiyo nazi, mchuzi unaungua."

Usiku nililichora jedwali zima kwenye karatasi. Herufi za samli zilishuka upande wa kushoto, za asali zikapita juu, na kila kisanduku kikawa na namba yake. Baadaye nikatengeneza picha za kuonyesha kwa projekta, jedwali likijijaza lenyewe kisanduku baada ya kisanduku, kwa rangi. Asubuhi niliikunja ile karatasi niitie mkobani, kisha nikaitoa. Mwalimu anayechungulia karatasi anaonekana hajui somo lake. Nikairudisha. Nikafikiri, lakini je, nikisahau? Nikajijibu kwamba picha zote zimo kwenye kompyuta, na mtu anayebeba karatasi pamoja na kompyuta ni mtu asiyejiamini, na wakaguzi wanaliona hilo. Karatasi ilibaki juu ya kitanda.

Umeme ulikatika nilipokuwa ninafika getini.

Kompyuta yangu ni ya zamani, na betri yake ilishakufa. Huwaka ikiwa kwenye umeme tu. Niliingia darasani nimeikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Wanafunzi walisimama wote, tukasalimiana, wakaketi. Nyuma walikaa wakaguzi wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa idara, mwalimu wa makamo kutoka Bara ambaye amefundisha Pemba miaka mingi hata lafudhi yake imeingia chumvi ya huku. Mwingine alikuwa Bi mkaguzi, mwanamama aliyekuja kutoka Unguja na miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Umeme haupo, mwanangu," Bi mkaguzi akasema. "Lakini ubao upo."

Ubao ulikuwepo, ila ulikuwa umejaa. Karibu wote ulichukuliwa na ratiba ya mazoezi ya vitendo, kundi hili siku hii, kundi lile siku ile, imezungushiwa mstari mnene na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Aliyesoma shule yoyote hapa kwetu analijua neno lile. Mwalimu akishaliandika, kile kisanduku kinakuwa kama kimewekewa wakfu. Wanafunzi wa zamu hufuta ubao kwa kukizunguka, kwa uangalifu, nacho huweza kukaa mpaka chaki yake inageuka rangi. Hakuna anayeuliza. Mimi nilisoma hivyo tangu shule ya msingi. Pale mbele niliwaza kuomba ruhusa, kisha nikawaza kwamba aliyeandika labda ni mkuu wa idara mwenyewe, na mgeni anayekuja kuomba kazi akianza kwa kufuta kazi ya mwenye nyumba, atafikiriwa vipi? Nikanyamaza. Chini ya ratiba ilikuwa imebaki nafasi ndefu na nyembamba, upana wa ubao mzima lakini kimo chake kama shubiri mbili.

Jedwali langu lilikuwa na safu sita. Pale zingeingia mbili, na herufi juu yake.

Hapo ndipo lilipokuja wazo, na kwa muda mfupi nilijiona mwerevu kuliko nilivyowahi kujiona. Somo la mbele zaidi, lile ambalo watu hulifundisha baada ya jedwali zima, linasema hivi: ukikokotoa kisanduku chochote unahitaji majirani watatu tu, wa juu yake, wa kushoto kwake, na wa pembeni juu kushoto. Wote wako kwenye safu ya sasa na safu iliyotangulia. Zilizo juu zaidi ya hapo huzihitaji tena. Kwa hiyo unaweza kutunza safu mbili tu na kuzitupa nyingine, na kumbukumbu ya kompyuta ikapona. Ubao wenyewe ulikuwa umeniletea mfano. Nitafundisha safu mbili!

"Leo," nikawaambia, "tuna ubao mdogo kama kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Tutaona namna ya kuishi nao."

Mkuu wa idara aliinua nyusi, akatabasamu. Lile tabasamu lilinilewesha.

Niliandika asali kwa mlalo, herufi zikiachana, na mbele ya herufi ya kwanza nikaacha nafasi tupu. Chini yake nikaandika safu ya kuanzia: 0, 1, 2, 3, 4, 5. Nikaeleza kwamba ukianza na neno tupu, kufika "a" unaongeza herufi moja, kufika "as" unaongeza mbili, hivyo hivyo mpaka neno zima, tano.

"Wekeni kalamu chini," nikasema. "Msinakili. Tazameni tu. Mkinakili mtatazama daftari mtaikosa hesabu."

Najua kwa nini nilisema vile. Nilitaka macho yao yote.

Nikaanza safu ya pili, ya herufi "s" ya samli. Kisanduku cha kwanza, 1, maana kuifuta "s" ibaki tupu ni tendo moja. Halafu nikawaonyesha sheria. Ukitoka juu unaongeza moja, na maana yake umeondoa herufi. Ukitoka kushoto unaongeza moja, na maana yake umeongeza herufi. Ukitoka pembeni, kama herufi mbili zinafanana huongezi kitu, kama hazifanani unaongeza moja, umebadilisha. Kisha unachukua iliyo ndogo.

"Kama kununua samaki," akasema msichana mmoja wa nyuma, ambaye baadaye nilijua anatoka Wambaa. "Unapita kwa watatu, unarudi kwa aliyekupunguzia."

"Hasa," nikasema, darasa likacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwangu mimi, upande wangu.

Safu ya "s" ikatoka: 1, 1, 1, 2, 3, 4. Nikachukua dasta, nikafuta safu ya juu, nikaipandisha hii mahali pake, na chini nikapata nafasi ya safu ya "a". Walinisaidia kukokotoa kwa sauti. 2, 1, 2, 1, 2, 3. Nikafuta ya juu tena. Kila nilipofuta nilifuta kwa mkono mpana, kwa madaha, vumbi la chaki likinirukia ushungi. Ya "m" ikatoka 3, 2, 2, 2, 2, 3. Nikafuta. Ya "l", 4, 3, 3, 3, 2, 3. Nikafuta. Ya "i", ya mwisho: 5, 4, 4, 4, 3, 2.

Nikaizungushia duara ile 2 ya mwisho.

"Sasa chukueni kalamu," nikasema. "Andikeni: umbali kutoka samli hadi asali ni mbili. Jedwali zima lingekula visanduku thelathini na sita. Sisi tumetumia kumi na viwili."

Kwa maneno ya herufi tano akiba hiyo si chochote, na nililisema hilo. Nikawaambia wafikirie maandishi mawili marefu, kila moja lina maelfu ya herufi. Hapo jedwali zima linaweza kuijaza kumbukumbu yote, na safu mbili zikatosha vizuri. Nilisikia sauti yangu imetulia. Nilikuwa nimeshaanza, nasema kweli, kuwaza nitamwambiaje mama.

Bi mkaguzi alivaa miwani yake.

"Ahsante, mwalimu. Umbali ni mbili. Mbili zipi?"

"Samahani, Bi?"

"Mabadiliko mawili. Nina samli mkononi, nataka asali. Nifanye nini na nini?"

Niligeuka ubaoni. Palikuwa na safu mbili, ya "l" na ya "i". Njia hupatikana kwa kurudi nyuma: unaanza kwenye kisanduku cha mwisho, unauliza namba hii ilitoka kwa jirani yupi, unamwendea, unauliza tena, mpaka unafika mwanzo. Nilianza. Ile 2 ya mwisho ilitoka pembeni, kwa sababu "i" na "i" zinafanana. Kwa hiyo "i" inabaki. Nikafika kwenye 2 ya safu ya "l", chini ya herufi "l". Nayo herufi zinafanana, nayo imetoka pembeni, inabaki. Pembeni yake ni safu ya "m".

Safu ya "m" nilishaifuta. Na ya "a", na ya "s", na ya kuanzia. Kwenye nafasi zao palikuwa na ukungu mweupe wa chaki na alama ya kiganja changu.

Hili nililijua. Nililisoma chuo kikuu, na mtihani nilipasi: safu mbili zinakupa jumla, hazikupi njia. Ukitaka njia unatunza jedwali zima, au unakokotoa upya. Ni sentensi ambayo ningeweza kuisema pale pale, kwa Kiswahili chepesi, na pengine ingekuwa sehemu nzuri kuliko zote ya somo lile. "Bi, safu nimezifuta, na bila hizo siwezi kukujibu." Basi.

Lakini nilisikia kimya cha darasa, na mimi kimya hukijaza. Nikasema, "Inaonekana hapa hapa, Bi. Kwenye hizi safu mbili."

"Haya. Tuonyeshe."

Nikayaandika maneno mawili moja juu ya jingine, samli juu, asali chini, kwenye kijinafasi kilichobaki mwisho wa ubao. Nikaanza kuyasoma kwa macho, herufi kwa herufi, nikijifanya kidole changu kinafuata namba.

"Tunabadilisha 's' kuwa 'a'," nikasema. "Tunabadilisha 'a' kuwa 's'. Tunabadilisha 'm' kuwa 'a'. 'L' na 'i' zinabaki."

Yule msichana wa Wambaa, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji:

"Mwalimu, tatu hizo."

"Loo, asali imepanda bei!" kijana wa mbele akadakia, na darasa lote likaangua kicheko. Mkuu wa idara akagonga meza kwa kalamu. Kicheko kikashuka lakini hakikuisha. Kilikaa chini ya madawati.

Nikatazama duara langu lenye 2. Nikatazama mabadiliko yangu matatu. Kimoja kati ya viwili kilikuwa na kosa, na mimi nilijua ni kipi, kwa sababu ile 2 tulikuwa tumeikokotoa sote, kwa sauti, hatua kwa hatua, wala haikuwa na dosari. Ilichohitaji ni mimi nisimame upande wake.

"Basi ni tatu," nikasema. "Nadhani tulikosea kuhesabu mahali. Badilisheni, andikeni tatu."

Wakabadilisha. Hapo ndipo mwili wangu ulipoanza kuwaka, si wakati wa kicheko. Darasa zima liliinama. Nilisikia kalamu zikikata, krrt, krrt, ile mbili iliyokuwa sahihi. Hakuna aliyebisha. Yule yule aliyenisahihisha alikuwa wa kwanza kuinama, kwa sababu mwalimu amesema. Nilikuwa nimelitoa jibu la kweli mikononi mwao nikawapa la uongo, ili vitu viwili nilivyoviandika ubaoni visionekane vinagombana.

Bi mkaguzi alivua miwani. Hakuandika kitu. Nilitamani aandike.

Mkuu wa idara akasimama. Nilidhani anakuja kunishukuru, kwa ile namna ya kumshukuru mtu ili akae. Alipita katikati ya madawati pole pole, akafika ubaoni, akanyoosha mkono nikampa dasta. Akaifuta ratiba yake. Alianzia kwenye neno USIFUTE, akashuka, kundi kwa kundi, siku kwa siku, mpaka ubao ukawa mweusi kutoka ncha hadi ncha. Darasa lilipumua kwa mshangao kama limeona mtu akipita na viatu mbele ya sultani.

"Ubao wote wako, binti," akasema, akanirudishia dasta. "Anza upya. Safari hii usifute."

Sikuweza kumtazama. Niliona viatu vyake tu, vya ngozi, vimeingia vumbi la chaki yake mwenyewe. Kwa nini sikuomba tangu mwanzo? Angenipa. Sentensi moja, na angenipa.

Nililichora jedwali zima. Mistari ilikwenda upogo, lakini namba hazikubadilika, zilirudi zile zile, safu ya "s", ya "a", ya "m", kama ndugu waliofukuzwa nyumbani wakaitwa tena. Chini kabisa, kwenye kona, ikatoka 2.

"Kateni ile tatu," nikasema. "Mbili ilikuwa sahihi. Hatukukosea kuhesabu. Mimi niliulizwa njia, safu zake nimeshazifuta, nikasema naiona."

Nilisema hivyo nikiitazama chaki. Kalamu zikakata tena.

Kisha tulirudi nyuma pamoja. Kutoka 2 ya kona, pembeni, "i" inabaki. Pembeni tena, "l" inabaki. Sasa tuko safu ya "m", chini ya "a" ya pili ya asali, penye 2. "M" na "a" hazifanani. Pembeni kuna 2, haiwezi, ingetupa 3. Kushoto kuna 2, nayo ingetupa 3. Juu, kwenye safu ya "a", kuna 1.

"Tumetoka juu," akasema msichana wa Wambaa. "Kwa hiyo 'm' inaondolewa."

Ndiyo. Kutoka pale, "a" na "a", pembeni, inabaki. "S" na "s", pembeni, inabaki. Tukajikuta safu ya kuanzia, penye 1 chini ya "a" ya kwanza, na nyuma yake, kushoto, 0. Tumetoka kushoto: "a" inaongezwa mwanzoni. Niliandika kwa herufi kubwa. Samli, ongeza "a" mbele, ni asamli. Ondoa "m", ni asali. Macho yalikuwa yameona herufi tatu zisizolingana kwa sababu yaliyalaza maneno bega kwa bega, hayakufikiri kwamba neno moja linaweza kusogea hatua.

"Sasa nimeelewa," Bi mkaguzi akasema. "Na kama sitaki njia? Nataka tu simu yangu ijue neno lipi liko karibu zaidi na nililokosea?"

"Basi safu mbili zinakutosha, Bi. Unalinganisha namba tu."

"Na nikitaka njia?"

"Unatunza jedwali lote. Au unakokotoa upya, kama mimi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilipotoka nilikaa kwanza kwenye baraza la jengo la pili, eti nazungumza na simu. Ukweli sikutaka kupishana na wanafunzi njiani. Walipokwisha kutoka nilipita nyuma ya darasa, na kupitia dirishani nikamwona mkuu wa idara peke yake mbele ya ubao. Alikuwa anaiandika upya ratiba yake. Alikuwa ameweka kidole kwenye kidevu, anafikiri, anaandika, anafuta kwa ncha ya kidole, anaandika tena. Mkononi hakuwa na karatasi yoyote. Jedwali langu alikuwa ameliacha lilivyo, na ratiba akaibana kwenye upande mwembamba uliobaki, herufi ndogo ndogo. Ningeweza kuingia nimkumbushe siku, nimshikie rula, nifute tu jedwali langu apate nafasi. Nilisimama nikipanga nitasema nini nikiingia, nikabadilisha maneno, nikayabadilisha tena, mpaka akamaliza, akapangusa mikono. Nikaondoka kabla hajageuka.

Nyumbani shangazi aliniuliza, "Ilikuwaje?"

"Umeme ulikatika."

"Hilo najua, hata hapa ulikatika. Nakuuliza weye."

Nikamwambia yote, nikiwa nimekaa pale pale juu ya mbuzi bila nazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na huyo mwalimu wa watu, ratiba yake ameikumbuka yote?" Sikujua. Lilikuwa swali lililonichoma kuliko yote ya Bi mkaguzi, na bado sijui, maana sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Mama alipiga kutoka Wingwi. Nilimwambia somo limekwenda, tunasubiri. "Limekwenda" ni neno zuri. Halisemi limekwenda wapi.

Zile siku za kusubiri nilizimaliza kwa kurudia. Nilirudia lile darasa kichwani, kila mara nikisimama mahali tofauti. Hapa ningeomba ubao. Hapa ningewaacha wanakili. Hapa, Bi mkaguzi anauliza "Mbili zipi?", ningesema sijui. Mara nyingine nilifika mpaka mwisho mzuri, kisha nasikia krrt, krrt, naanza tena.

Simu ilikuja nikiwa naanika nguo. Alikuwa mkuu wa idara.

"Binti, umepata. Uje Jumatatu."

Sikufurahi mara moja. Nilisema lisilotakiwa. "Mwenzangu je?"

"Mwenzio kapata kazi Unguja. Ametuandikia jana."

"Kwa hiyo..." Nilishika kamba ya nguo. "Kwa hiyo mmenichukua kwa sababu yeye amekwenda? Au mlikuwa mmeshaamua? Au ni lile jedwali la pili?"

Upande wa pili nilisikia wanafunzi wakipita nyuma yake, na mtu akimsalimu, naye akimwitikia.

"Umepata," akasema. "Hayo mengine ya nini? Jumatatu, saa moja na nusu. Na chaki za rangi zimekwisha, usizitegemee."

Akakata. Nilibaki na shuka la shangazi mkononi, linanichuruzikia miguuni. Nilikuwa nimepewa jibu, na jibu lilikuwa zuri, na ya nyuma yake yote yalikuwa yamefutwa. Shangazi akatoa kichwa dirishani.

"Umepata au hukupata?"

"Nimepata."

"Mbona uso huo?"

"Sijui nimepata kwa nini."

"Mpigie mama yako," akasema, "umwambie hilo la kwanza. La pili kaa nalo mwenyewe."

Jumatatu niliingia darasani mapema, kabla yao, ili nisiingie wakinitazama. Ratiba ilikuwa bado imebanwa pale pembeni kwa herufi zake ndogo. Jedwali langu lilikuwa bado limechukua ubao wote uliobaki, mistari yake upogo, na mtu alikuwa amelizungushia kisanduku kinene na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: USIFUTE. Ilikuwa kejeli ya mwanafunzi, au hati ya mkuu wa idara. Nilisogea karibu nikaikagua kila herufi na sikuweza kuamua. Nilisikia miguu yao ukumbini. Nikachukua dasta, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Somo la siku ile lilihitaji ubao.

Wakaingia, wakasimama, tukasalimiana. "Nani kaandika hii?" nikauliza.

Msichana wa Wambaa alikuwa anatazama dari.

"Basi naomba ruhusa yenu," nikasema, sauti yangu ikiwa ndogo kuliko nilivyoipanga, "nifute."

Wakatazamana. Kisha wakafungua madaftari, wakalinakili kwanza jedwali lote, safu kwa safu, nami nikangoja mbele yao na dasta mkononi, nimetazama chini, mpaka wa mwisho alipoweka kalamu.